Ng'ombe Yupi, Deni Lipi

Jumapili, 4 Mei 2025

Leo baada ya ibada tumekaa chini ya mti, mimi na mume wangu, tukayaandika madeni yote kwenye karatasi moja. Yapo mawili. La kwanza ni la SACCOS ya walimu, tuliloezekea nyumba: limebaki 2,400,000. La pili ni la yule mkopeshaji wa pale sokoni, tulilolichukua usiku ule kijana alipovunjika mguu na hospitali ya rufaa ikahitaji fedha ya upasuaji: 1,500,000.

Lile la SACCOS linakatwa kwenye mshahara kila mwezi na linashuka. La mkopeshaji halishuki. Anashikilia kadi ya benki ya mume wangu pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia anatoa 150,000 yake ya riba, halafu anatukabidhi kilichobaki. Ni asilimia 10 kwa mwezi. Kwa miezi kumi na mmoja tumeshalipa riba ya 1,650,000, yaani zaidi ya tulichokopa, na deni bado ni 1,500,000 ileile.

Shemeji alipita jioni, akaiona karatasi. Yeye ana jibu tayari: "Shemeji, uzeni zile ekari mbili za barabarani. Mnunuzi yupo, anatoa milioni tatu taslimu. Madeni mnayamaliza karibu yote, mnalala usingizi." Mume wangu hakusema kitu. Nilimwambia shemeji atupe wiki moja. Shamba likishauzwa halirudi kwa kujuta, na mimi sijaona bado hesabu inayosema liuzwe.

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda mjini kuuliza jambo moja tu: leo nikitaka kufunga mkopo, natakiwa kulipa shilingi ngapi? Swali hilo linatangulia kabla ya kuuza hata kuku, kwa sababu jibu lake hutofautiana na salio ambalo mtu analo kichwani.

Karani wa SACCOS alinifungulia jedwali. Riba yao ni asilimia 1.5 kwa mwezi, na inatozwa juu ya salio lililobaki. Mwezi huu riba ni 36,000, mwezi ujao 34,000, na itaendelea kushuka hivyo hadi miezi 18 iishe. Riba yote iliyobaki, tukilipa taratibu bila kukosa, ni 342,000. Tukifunga leo, hizo 342,000 hatuzilipi.

Akanieleza pia kwamba si mikopo yote iko hivyo. Ipo ambayo riba yake hupigwa siku ya kwanza juu ya mkopo mzima na kuandikwa kama deni. Mtu amekopa milioni moja kwa asilimia 3 kwa mwezi, miezi 12: anaandikiwa 1,360,000. Akiuza ng'ombe mwezi wa sita ili afunge, na mkataba unasema riba yote inadaiwa, hapunguziwi hata shilingi. Huyo ameuza mnyama bure. Afadhali aende kwanza kuomba apunguziwe riba ya miezi iliyobaki, apewe jibu kwa maandishi, ndipo aamue.

Nikapitia kwa mkopeshaji. Kwake nimejifunza jambo zito zaidi: hapokei nusu. Ukimpelekea laki tano, anaziita riba za miezi ya mbele, na ile 1,500,000 inabaki palepale. Kwa hiyo kuuza ng'ombe mmoja mmoja na kumpelekea ni kumlisha tu. Fedha yake lazima ikamilike ndipo ipelekwe, yote kwa siku moja.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeshinda na daftari zizini. Tuna ng'ombe tisa: madume mawili, mkubwa na mdogo, maksai wawili wa jembe, majike manne, wawili wanakamuliwa, mmoja ana mimba, mmoja hajashika mimba mwaka wa pili sasa, na mtamba mmoja. Kwa kila mmoja nimeandika mambo mawili: anatuingizia nini kwa mwezi, na bei yake ikiwa ndani ya deni inatutoza nini kwa mwezi.

Nimeanza na dume kubwa. Lina miaka minne, limeshiba majani ya masika, na majirani wanalikadiria kwenye 950,000. Kiasi hicho kikiwa ndani ya deni la mkopeshaji kinatutoza 95,000 kila mwezi. Mume wangu anasema tulisubirishe lifike milioni na laki moja mwakani. Nimemwonyesha: kwa mwaka mmoja kulisubiri kunagharimu 1,140,000 za riba, ili lituongezee 150,000. Na hizo 150,000 zenyewe si za uhakika, maana kuanzia Septemba hadi mvua zirudi hapa Singida majani yanaisha, ng'ombe anakonda, na tunamnunulia mashudu ya alizeti ili asianguke. Tena mtamba wetu ni binti wa dume hilohilo. Likibaki litampanda, na hicho si kizazi cha kutafuta. Dume la jirani lipo malishoni siku zote.

Jike lisiloshika mimba nalo haliingizi kitu: halina maziwa, halina ndama, na linakula sawa na wenzake.

Kisha nikafika kwa majike ya maziwa, na hapo nimekaa muda mrefu. Wote wawili wanatupatia lita nne kwa siku. Moja ya watoto, tatu zinauzwa kwa shilingi 1,000. Kwa mwezi ni 90,000, yaani 45,000 kwa kila jike, na hiyo ni kwa miezi kama saba tu baada ya kuzaa. Jike mmoja thamani yake ni kama 650,000. Nikimpima kwa deni la mkopeshaji, 650,000 inatozwa 65,000 kwa mwezi: hata maziwa yake hayafikii. Nikimpima kwa deni la SACCOS, inatozwa 9,750: maziwa yake yanalipa riba hiyo mara nne na zaidi, na ndama ni wa kwetu. Kwa hiyo ng'ombe yuleyule ni wa kuuzwa kwa deni moja na wa kufugwa kwa deni lingine. Swali la "tuuze au tusiuze" lilikuwa halijakamilika. Linakamilika ukitaja ng'ombe yupi kwa deni lipi.

Maksai hawauzwi. Wanalima ekari zetu, na msimu ukianza majirani wanawakodi kwa ekari. Nikiwauza Mei, Desemba nitakuwa nalipa jembe la mtu, tena nitasubiri zamu baada ya yeye kumaliza kwake, mvua za kwanza zimeshapita.

Mpangilio wangu ni huu: dume kubwa, jike tasa, beberu mmoja wa kufidia gharama. Ikipungua bado, jike mmoja wa maziwa. Hapo nakoma.

Jumapili, 11 Mei

Shemeji amerudi, na leo nilikuwa na majibu. Nilimheshimu, nikamwomba tuhesabu pamoja.

Ekari mbili za barabarani, mwaka mzuri, zinatuachia kama 380,000 baada ya kutoa mbegu, palizi, magunia na usafiri. Milioni tatu inazaa 380,000 kwa mwaka, yaani asilimia 12 na kidogo. Riba ya SACCOS ni asilimia 18 kwa mwaka. Shemeji akapiga paja: "Unaona? Deni linakula kuliko shamba linavyozaa!"

Ni kweli, na nilimkubalia. Lakini deni la SACCOS lina mwisho. Tukiuza, tunaokoa riba ya 342,000 mara moja tu, basi. Tusipouza, Mei mwakani tunavuna 380,000, na mwaka unaofuata tunavuna tena deni likiwa limekwisha. Nikamwuliza: "Shemeji, tuseme tumeuza, tumefunga mkopo, chenji ya mauzo tumeiweka akiba, na ile fedha ya rejesho tunaiongeza hapo kila mwezi bila kuigusa. Baada ya miezi 18 tutakuwa na milioni tatu na laki tatu hivi. Toa mavuno tuliyoyakosa, inabaki kama milioni tatu. Je, Novemba mwakani tutazinunua ekari hizihizi kwa milioni tatu?"

Alinyamaza. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshuhudia tuliponunua zote mbili kwa 900,000, kabla ya lami. Bei ikibaki ilivyo, tumetoka sare. Ikipanda kidogo tu, shamba limekwenda. Na hiyo ni kama akiba imekaa bila kuguswa, katika nyumba yenye watoto wanne.

Kuhusu mkopeshaji, shamba lingetosha na kuzidi. Ila kuuza kitu cha milioni tatu ili kulipa milioni moja na nusu, wakati kuna dume na jike tasa zizini, ni kukata mti kwa ajili ya kuni za siku moja.

Shemeji hakukubali moja kwa moja, ila alisema neno la haki: "Basi muandike ni siku gani mtakubali kuuza shamba, msije mkangoja hadi mkaja kuuziwa." Nimeliandika jibu lake hapa, na mume wangu ameliona.

Tutauza shamba ikiwa mshahara utasimama au kupungua hata tushindwe marejesho mawili mfululizo. Hapo hatutasubiri barua ya kunadiwa. Tutauza ekari moja, si mbili, tukiwa bado na nafasi ya kuchagua mnunuzi na kukataa bei mbaya. Mauzo yatafanyika mbele ya Serikali ya kijiji, majirani wa mipaka wakiwepo, na sahihi yangu ikiwa pamoja na ya mume wangu. Shamba linalouzwa na mwenyewe na shamba linalonadiwa na mdai hayapati bei moja, hata kama ni udongo uleule.

Jumatano, 14 Mei

Mama mmoja wa kitongoji cha juu alinisimulia leo kisimani jinsi mifugo yao ilivyokwisha. Walianza kwa kuuza jike la maziwa, kwa kuwa ndilo lililopata mnunuzi haraka. Fedha ya maziwa ikakatika, kwa hiyo rejesho lililofuata likakosa pa kutoka. Wakauza maksai. Msimu wa kulima wakachelewa, wakavuna debe kwa debe. Mwisho wakauza shamba. Mume wake alikuwa na madume matatu muda wote huo, na hakuyagusa kwa sababu yalikuwa sifa ya boma.

Wengi wetu tunauza kinachouzika upesi, na mara nyingi hicho ndicho kinachotulisha. Mwaka wa deni ndio mwaka wa kuvilinda vinavyoingiza kila wiki na kutoa vilivyosimama kwa ajili ya kutazamwa.

Hata kwangu halikuwa jepesi. Jike tasa lilikuja kwa mahari ya binti yetu mkubwa, na mume wangu anaona uzito, kwamba ng'ombe wa mahari hauzwi hovyo. Tumempigia simu binti mwenyewe. Amesema, "Mama, mguu wa mdogo wangu ndio uliokopewa. Muuzeni." Shemeji naye, kama mkubwa wa ukoo, ameridhia. Bila mazungumzo hayo nisingemtoa zizini, hata hesabu iseme nini.

Alhamisi, 22 Mei

Idd el-Adha ni mapema mwezi wa Juni, na wanunuzi wanaotafuta madume wameanza kupita. Huu ndio wakati: ng'ombe wamenona na soko linahitaji. Januari bei ni ngumu, kwa kuwa kila mwenye mtoto wa shule anauza. Oktoba ni mbaya zaidi, kwa kuwa mnyama ni mifupa.

Mnadani kwetu hakuna mizani. Ng'ombe anauzwa kwa macho, na macho ya mchuuzi yamezoea kuliko yangu. Kwa hiyo nimemwomba afisa mifugo aje na utepe. Dume lilisimamishwa mahali tambarare. Mzunguko wa kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele, ni sentimita 150. Urefu, kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako, ni sentimita 130. Unazidisha 150 kwa 150, kisha kwa 130, halafu unagawa kwa 10,840. Jibu ni kilo 270 hivi za mnyama hai. Si kipimo cha mizani, kinaweza kupotoka kilo kadhaa, lakini kinakupa mahali pa kusimamia. Kwa 3,500 ya kilo hai, ambayo ndiyo inayotajwa sasa, dume ni kama 945,000. Tumekubaliana mume wangu asishuke chini ya laki tisa. Jike tasa limetoka kilo 175, tumeliwekea 550,000.

Leo mshahara umeingia, na mkopeshaji ametoa 150,000 yake ya Mei. Maana yake hadi mshahara wa Juni hatudaiwi riba, ni ile 1,500,000 tu. Tuna mwezi mmoja.

Jumatano, 28 Mei

Tumeuza.

Tulifika mnadani saa tatu asubuhi, na mapema ilitusaidia. Wachuuzi wengine husubiri hadi saa kumi, wakijua mwenye ng'ombe hataki kumrudisha nyumbani usiku, ndipo wanatoa bei ya huruma. Wa kwanza alisema laki saba na nusu. Mume wangu akamtajia kilo. Yule akacheka, lakini hakuondoka. Alilizunguka dume mara mbili, akalibonyeza kwenye mbavu na nyuma ya nundu, akasema laki nane na themanini. Alipokuja wa pili, anayepeleka mzigo mnada wa Kizota, Dodoma, wakaanza kushindana. Dume limekwenda kwa 930,000. Jike tasa limechukuliwa na mchinjaji kwa 580,000.

Jumla 1,510,000. Ushuru wa mnada, dalali na vijana wa kuswaga wamekula 60,000. Nyumbani tukamuuza beberu kwa jirani anayejiandaa na Idd, 130,000. Mkononi tuna 1,580,000. Jike wa maziwa amebaki.

Usiku huu fedha iko ndani na ndugu wawili wameshapiga simu kusalimia. Deni tunalipa keshokutwa, kwa kuwa kesho mkopeshaji hayupo. Fedha ya ng'ombe isipolipa deni wiki ileile, hupata kazi nyingine.

Ijumaa, 30 Mei

Hatukwenda peke yetu. Tulimwomba mtendaji wa kijiji atusindikize, naye alikubali. Mkopeshaji alipohesabu fedha akasema imepungua riba ya Juni, kwa kuwa mwezi "umekaribia". Mtendaji akamwuliza kwa upole leseni yake ya kukopesha iko wapi, na kama anajua kwamba Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa taasisi ndogo za mikopo za daraja la pili, hizo zenye leseni. Akamkumbusha pia habari ya kushikilia kadi za watumishi. Yule bwana hakubishana. Riba ya Juni haikutajwa tena.

Kabla fedha haijatoka mkononi mwetu, maandishi yalikuwa mezani: tumelipa 1,500,000, deni limekwisha, hakuna riba inayodaiwa, kadi imerudishwa, na ile karatasi ya mkopo yenye sahihi ya mume wangu imerudishwa pia. Wakasaini wote wawili, mtendaji na mimi tukawa mashahidi. Nakala moja iko kwenye bahasha ya hati zetu. Kutoka hapo tukaenda moja kwa moja benki, mume wangu akabadilisha namba ya siri.

Zile 80,000 zilizobaki ni za dawa ya kuogesha na chanjo ya wale saba.

Jumatatu, 30 Juni

Mshahara wa kwanza umeingia ukiwa mikononi mwetu. Zile 150,000 zilizokuwa za mkopeshaji tumezigawa mara mbili. Laki moja inakwenda SACCOS kila mwezi juu ya rejesho la kawaida. Karani amekubali kuipunguza kwenye salio lenyewe, na ameniandikia hivyo, isije ikahesabiwa kama rejesho la mwezi wa mbele. Kwa mwendo huo mkopo utakwisha karibu mwezi wa kumi na moja wa kulipa, badala ya kumi na minane. Hamsini inabaki ya dharura, ili akiugua mtu usiku tusirudi sokoni kwa yule bwana.

Jana shemeji alituuliza kama yule mnunuzi wa shamba bado tunamhitaji. Mume wangu alimjibu mwenyewe: "Mwambie hatuuzi. Deni lililobaki ni la asilimia moja na nusu, na mshahara unalimudu."

Nawaandikia wanangu, watakaolifungua daftari hili siku moja wakiwa na madeni yao. Ulizeni kwanza kwa maandishi mnadaiwa ngapi mkifunga leo. Pangeni madeni kwa riba, kubwa mbele. Pangeni mali kwa inachoingiza, isiyoingiza mbele. Uzeni ya kwanza kwa ajili ya la kwanza, na pale ambapo mali inaingiza kuliko riba inavyotoza, komeni hapo.